Somo la Picha: Kiti cha Pili kwa Kinyozi

Picha ya wiki hii ililetwa na mwanafunzi wetu wa darasa la kati aliyekwenda Unguja wakati wa likizo. Ni kibao cha kinyozi mtaani Ng'ambo, kilichoandikwa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Kisome kwanza kwa sauti:

KINYOZI
SASA TUNA KITI CHA PILI
NJOO WAKATI WOWOTE TUKIWA WAZI, HAKUNA MIADI
JUMAMOSI – ALHAMISI: SAA 3 ASUBUHI – SAA 2 USIKU
IJUMAA: SAA 8 MCHANA – SAA 2 USIKU
KUNYOA KAWAIDA
MKUBWA 4,000/=   MTOTO 2,000/=   NDEVU 2,000/=

Chini ya picha yake mwanafunzi aliandika hivi: "Kinyozi ana kiti mbili. Anafungua saa 9 asubuhi na kufunga saa 8 usiku. Bei ni 4,000." Maelezo ni mafupi, nasi tunapenda maelezo mafupi. Lakini yana makosa matatu, na moja lilimgharimu.

Tuanze na kiti. Kiti kimoja, viti viwili: jina likibadilika, na hesabu inabadilika nalo. Kwa hiyo husemi "kiti mbili". Kibao nacho kinasema "kiti cha pili", yaani kile kilichoongezwa baada ya cha kwanza. Kwa mteja hiyo ni habari njema. Tuseme kila mtu hunyolewa kwa nusu saa, na umekuta watu wanne mbele yako. Kwa kiti kimoja utangoja saa mbili. Kwa viti viwili utangoja saa moja tu, mradi kila kiti kina kinyozi wake. Kibao hakituambii kama kinyozi wa pili yupo, kwa hiyo nasi tusiliandike hilo.

Kosa la pili ni saa. Mwanafunzi alichukua saa za simu yake akaziandika kwa Kiswahili. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na karibu na ikweta jua huchomoza wakati ule ule, au karibu nao, mwaka mzima. Simu ikionyesha 7:00 asubuhi, sisi tunasema saa moja. Tofauti ni saa sita daima. Basi saa 3 asubuhi ya kibao ni 9:00 kwenye simu, saa 8 mchana ni 14:00, na saa 2 usiku ni 20:00.

Sasa sikiliza yaliyomkuta. Jumamosi ilikuwa harusi ya mjomba wake. Siku ya Ijumaa alisoma "saa 8" akaliruka neno "mchana", akaenda simu yake ilipoonyesha 20:00. Alimkuta kinyozi anafagia nywele na taa moja imeshazimwa. Saa 8 ya kibao ilikuwa wakati wa kufungua baada ya sala ya Ijumaa, na ile aliyofika yeye ndiyo saa 2 usiku, wakati wa kufunga. Alikwenda harusini na nywele zake ndefu, akashukuru kwamba kuna kofia. Kwa hiyo usisome namba peke yake: soma na neno linaloifuata, asubuhi, mchana au usiku.

Kosa la tatu ni bei. 4,000/= ni ya mkubwa peke yake, na alama ile ya mwisho maana yake ni shilingi kamili, bila senti. Usiliache pia neno "kawaida". Anayetaka kuchorwa mistari kichwani au kutiwa rangi aulize kwanza, maana bei hizi si zake.

Maelezo mazuri ya picha hayanakili kibao kizima. Husema tunachokiona, kisha huongeza yale yatakayomsaidia msomaji. Tuliyaandika upya pamoja hivi:

"Kibao cha kinyozi wa Ng'ambo, Unguja, kinatangaza kiti cha pili. Wateja hupokewa bila miadi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku, ila Ijumaa hufunguliwa saa 8 mchana. Kunyoa kawaida ni shilingi 4,000 kwa mkubwa na 2,000 kwa mtoto. Ndevu ni 2,000."

Kazi ya nyumbani: Baba anataka kunyolewa nywele na ndevu, na watoto wake wawili wanataka kunyolewa nywele. Ni Ijumaa, na simu yake inaonyesha 13:15. Je, aende sasa? Kama la, angoje kwa muda gani, na atalipa shilingi ngapi? Andika jibu kwa sentensi kamili, na saa uzitaje kwa Kiswahili. Wazazi, msiwape jibu; waulizeni tu, "Sasa hivi ni saa ngapi?" kila mnapokaa kula.