Kwa nini bati jipya linalong'aa huchoma kama bati la kutu

Wakazi wengi wanaojenga huamini kwamba bati jipya linalong'aa huifanya nyumba iwe baridi kuliko bati kuukuu lililoshika kutu. Imani hiyo ina ukweli upepo unapovuma. Siku ya jua kali isiyo na upepo, hali hubadilika: bati jipya huweza kufikia joto lile lile la bati la kutu, ingawa linafyonza nusu tu ya jua linalofyonzwa na mwenzake. Anayelielewa jambo hili atajua ni rangi gani ya kupaka, aipake upande gani, na mahali gani asipake kabisa.

Hesabu ya kinachoingia na kinachotoka

Bati lililo juani hupokea joto bila kukoma. Kadiri linavyopata moto ndivyo linavyozidi kulitoa joto hilo. Hufika wakati joto linaloingia na linalotoka vikalingana, na hapo bati huacha kupanda. Kiwango hicho ndicho huitwa halijoto ya msawazo. Kwa mabati ya geji 30, ambayo ni membamba sana, msawazo hufikiwa kwa dakika chache tu. Ndiyo maana wingu likilifunika jua, paa husikika likilia kwa kunywea, na jua likirudi hulia tena kwa kutanuka.

Mambo matatu ndiyo huamua kiwango hicho.

La kwanza ni ufyonzaji. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu huleta takriban wati 1000 kwa kila mita mraba. Sehemu ya jua hilo hurudishwa angani na sehemu hufyonzwa. Bati jipya linalong'aa hufyonza kiasi cha asilimia 40, rangi nyeupe safi asilimia 25, na bati la kutu asilimia 80. Viwango hivi hutofautiana kidogo kwa kiwanda na kwa umri wa bati.

La pili ni utoaji wa mionzi ya joto. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, ile ile inayosikika usoni mtu anapokaribia jiko la makaa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu uwezo wa kutoa mionzi hiyo hauonekani kwa kuangalia rangi. Rangi ya kupaka, iwe nyeupe au nyeusi, huitoa vizuri sana, takriban asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Kutu hutoa kama asilimia 80. Metali tupu inayong'aa hutoa kama asilimia 10 tu. Bati jipya basi lina tabia mbili kwa pamoja: hukataa sehemu kubwa ya jua, lakini joto lililokwisha kuingia hulishikilia.

La tatu ni upepo. Hewa inayopita juu ya bati hubeba joto na kuondoka nalo. Upepo wa wastani huondoa kama wati 15 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ambayo bati limeizidi hewa. Hewa ikitulia, huondoa kama wati 6 tu.

Mfano wa adhuhuri yenye joto la nyuzi 30

Mambo hayo matatu huwekwa pamoja hivi:

αG = εσ(T⁴ − Tₐ⁴) + h(T − Tₕ)

Upande wa kushoto ni jua linalofyonzwa: α ni ufyonzaji na G ni nguvu ya jua. Upande wa kulia, sehemu ya kwanza ni mionzi inayotolewa kuelekea angani na ya pili ni joto linalobebwa na hewa. Herufi ε ni uwezo wa kutoa mionzi, σ ni 5.67 × 10⁻⁸, T ni joto la bati, Tₐ la anga, Tₕ la hewa, na h ni nguvu ya upepo kuondoa joto. Nyuzi za Selsiasi huongezwa 273 kabla ya kuingizwa katika sehemu ya mionzi.

Tuseme ni adhuhuri, hewa ina nyuzi 30, na anga lenye unyevu, kama la ukanda wa pwani, linatoa mionzi kana kwamba lina nyuzi 20. Kwa sasa upande wa chini wa bati unahesabiwa kuwa umezibwa. Njia rahisi ya kupata jibu ni kukisia joto la bati, kisha kuangalia kama pande mbili zinalingana.

Bati jipya hufyonza wati 400. Likikisiwa kuwa na nyuzi 55 wakati wa upepo, limeizidi hewa kwa nyuzi 25, kwa hiyo upepo unabeba 15 × 25, yaani wati 375. Mionzi inatoa kama wati 24. Jumla ni wati 399, karibu sawa na 400. Basi bati litatulia kwenye nyuzi 55.

Upepo ukikata, wati zile 400 bado zinaingia, lakini hewa sasa inabeba wati 6 tu kwa kila nyuzi, na mionzi haina nguvu ya kusaidia. Bati halina budi kupanda mpaka nyuzi 88 ndipo hesabu ilingane tena: wati 348 kwa hewa na takriban 54 kwa mionzi.

Bati la kutu, katika utulivu huo huo, hufyonza wati 800. Lakini likifika nyuzi 89 linatoa wati 445 kwa mionzi peke yake na 354 kwa hewa. Linapokea jua maradufu, na bado linaishia mahali pale pale.

Matokeo ya hesabu hiyo kwa mabati manne ni haya:

| Uso wa bati | Penye upepo | Pasipo upepo |
|---|---|---|
| Jipya, linalong'aa | nyuzi 55 | nyuzi 88 |
| La kutu | nyuzi 66 | nyuzi 89 |
| Rangi nyeupe safi | nyuzi 39 | nyuzi 46 |
| Rangi nyeupe iliyochafuka | nyuzi 46 | nyuzi 58 |

Mstari wa mwisho unastahili kutazamwa vizuri. Rangi nyeupe iliyopigwa na vumbi jekundu huweza kufyonza asilimia 40 ya jua, sawa kabisa na bati jipya. Hata hivyo, pasipo upepo ina nyuzi 58 na bati jipya lina 88. Tofauti hiyo ya nyuzi 30 haitokani na jua hata kidogo. Inatokana na uwezo wa kutoa mionzi tu. Mstari huo huo unaonyesha pia hasara ya uchafu: vumbi peke yake hupandisha paa jeupe kutoka nyuzi 46 hadi 58. Paa hilo linafaa kuoshwa kabla ya msimu wa joto.

Upande wa chini

Nyumba isiyo na dari hupokea sehemu ya joto la bati moja kwa moja. Joto hilo likishuka ndani, bati lenyewe hupoa kidogo kuliko jedwali linavyoonyesha, lakini nafuu hiyo ya bati ni mzigo kwa waliomo chumbani.

Hapa tabia ya metali kushikilia joto inageuka kuwa faida. Bati lenye nyuzi 55 likiwa na uso wa chini unaong'aa huwamiminia waliomo chini, katika chumba chenye nyuzi 33, mionzi ya kama wati 16 kwa kila mita mraba. Uso huo wa chini ukipakwa rangi, hata iwe nyeupe, mionzi hiyo hufika kama wati 143. Kwa hiyo rangi hupakwa juu tu. Chini huachwa jinsi bati lilivyotoka dukani.

Makosa yanayotokea mara kwa mara

Rangi ya fedha hununuliwa kwa kudhaniwa kuwa inapoza kwa sababu inang'aa. Ina chembe za alumini, na haitoi mionzi vizuri kama rangi nyeupe. Paa lililopakwa rangi hiyo hubaki na joto zaidi kuliko lililopakwa nyeupe ya kawaida.

Kosa la pili ni kupaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati jipya. Rangi hiyo huingiliana na zinki ya bati na kubanduka vipande vipande. Bati huoshwa kwanza kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha hupakwa rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati ya zinki. Nyumba inayokinga maji ya mvua kutoka paani inahitaji rangi ambayo maelezo ya kopo yanasema inafaa kwa maji ya kunywa, na isiyo na madini ya risasi.

Kosa la tatu ni la kupima. Kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachosoma joto kwa mbali, hukisoma kitu kwa mionzi yake. Kikielekezwa kwenye bati linalong'aa hudanganyika, kwa kuwa bati hilo halitoi mionzi ya kutosha, na huonyesha joto la chini sana kuliko lililopo. Dawa yake ni kubandika kipande cha utepe wa fundi umeme upande wa chini wa bati, kivulini, kungoja dakika chache, kisha kuupima utepe wenyewe.

Mahali ambapo rangi nyeupe haifai

Msawazo hufanya kazi usiku pia. Jua likizama, upande wa kushoto wa hesabu huwa sufuri, lakini mionzi kuelekea angani haikomi. Paa linalotoa mionzi vizuri hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na unyevu wa chumbani huganda chini yake kama umande na kudondoka. Katika maeneo ya miinuko yenye usiku wa baridi, rangi nyeupe huiondolea nyumba joto la mchana na huongeza matone hayo ya usiku. Huko, dari na matundu ya hewa husaidia zaidi.

Kwa sehemu za joto, mkazi mwenye fedha za kazi moja tu na afanye hivi: paa la kutu au bati jipya lipakwe rangi nyeupe upande wa juu, upande wa chini uachwe, na paa lioshwe linapochafuka. Katika hesabu ya hapo juu, kwa siku isiyo na upepo, kazi hiyo huondoa zaidi ya nyuzi 40 kwenye bati lililo juu ya vichwa vya watu.