Simu Ikigoma Kuapdeti: Usifute Kabla Hujasoma Ujumbe

Wengi wetu hapa chuoni tunatumia simu tulizoachiwa na kaka au dada, au tulizonunua mkononi mwa mtu bumu lilipoingia. Simu hizo kioo bado kizima, betri inajitahidi, lakini nafasi ni GB 8 au GB 16 tu. Zinaishi vizuri mpaka siku ile WhatsApp inapokuambia kwamba toleo ulilonalo limekwisha muda wake, nenda ukapakue jipya. Ukienda, simu inagoma. Na siku hiyo huwa ni ile ambayo kundi lenu linagawana kazi ya kukusanya kesho.

Hapo ndipo watu wanapoanza kufuta hovyo. Picha za mahafali zinaondoka, notsi zinaondoka, na mwisho mtu anaifuta WhatsApp yenyewe "ili iingie upya". Nimekuwa nikiwasaidia wenzangu hosteli kwa muhula wa tatu sasa, na nilichojifunza ni kwamba simu inayogoma karibu kila mara inakuambia sababu. Tunachokosea ni kutosoma.

Migomo ni ya aina mbili. Wa kwanza ni wa nafasi, na Play Store huandika maneno kama haya:

```
Insufficient storage available
```

Wa pili ni wa umri wa simu, na maneno yake ni haya:

```
Your device isn't compatible with this version.
```

Ukiona haya ya pili, acha kufuta. Hata ukibakiza simu tupu kama siku ilipotoka dukani, aplikesheni haitaingia, kwa sababu tatizo ni toleo la Android lililomo. Ingia Settings, kisha About phone, usome Android version. WhatsApp kwa mfano, Januari 2025 ilianza kutaka Android 5.0 au zaidi. Mwenye 4.4 hana la kufuta litakalomsaidia. Mwenye 8.1 yuko salama kwa WhatsApp, na akigomewa basi shida yake ni nafasi.

Sasa tuuchukue mgomo wa nafasi, maana ndio unaotukuta wengi. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuja na simu ya GB 16 yenye Android 8.1. WhatsApp yake ilikuwa imekwisha muda, na toleo jipya halikufika hata MB 100. Kwenye Settings, sehemu ya Storage, simu ilionyesha imebaki MB 460. Akaniuliza, "Kaka, mia nne na sitini haitoshi kuingiza kitu cha chini ya mia? Hii simu inanidanganya?"

Haikumdanganya. Android hairuhusu nafasi iishe kabisa. Inajiwekea akiba ambayo haigawi kwa aplikesheni mpya: asilimia 5 ya eneo lako la kuhifadhia vitu, lakini isizidi MB 500. Kati ya zile GB 16, mfumo wenyewe ulikuwa umeshachukua sehemu yake, na kwake eneo lililobaki kwa matumizi lilikuwa kama GB 10. Asilimia 5 ya hapo ni kama MB 500. Kwa hiyo MB 460 alizokuwa anaziona zote zilikuwa ndani ya akiba. Kwa hesabu ya simu, alikuwa na sifuri. Mwenye simu ya GB 8 iliyobakiwa na eneo la GB 4, akiba yake ni kama MB 200.

Juu ya hapo, wakati wa kuapdeti toleo la zamani haliondoki kwanza. Jipya linapakuliwa na kuandaliwa huku la zamani bado lipo, ndipo zinabadilishana. Ndiyo maana aplikesheni ya MB 80 inaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya hiyo kwa muda huo. Kanuni ninayowapa wenzangu: lenga kubakiwa na GB 1 kamili, ndipo ubonyeze Update.

GB 1 hiyo aipate wapi? Alishabonyeza Clear cache kwenye kila aplikesheni. Hilo halidhuru, ila faida yake ni ndogo. Toka Android 8, simu yenyewe inaweza kula sehemu kubwa ya kache inapohitaji nafasi, na kache hujaa tena baada ya siku mbili. Cha kuwa nacho makini ni kitufe jirani yake, Clear data au Clear storage. Hicho kinafuta kila kitu cha aplikesheni hiyo. Ukikibonyeza kwenye WhatsApp, umejitoa mwenyewe na meseji zako.

Tulikokwenda ni mahali ambapo wengi hawapaangalii. Kila usiku WhatsApp hujitengenezea nakala ya meseji zako ndani ya simu, na hutunza nakala za hadi siku saba. Ukifungua programu ya mafaili, utazikuta kwenye folda mojawapo kati ya hizi mbili:

```
WhatsApp/Databases
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Kwake kulikuwa na mafaili saba, kila moja likiwa kama MB 120. Moja halikuwa na tarehe kwenye jina, na hilo ndilo jipya kuliko yote. Sita yalikuwa na tarehe. Kwanza tuliyahamishia yote saba kwenye laptop kwa waya, kwa usalama. Kisha tukabakiza kwenye simu lile lisilo na tarehe na moja lenye tarehe ya karibuni, tukafuta matano. Hesabu ni rahisi: 120 mara 5 ni MB 600. Zile 460 zikawa 1,060. Ukitoa akiba ya 500, amebakiwa na MB 560 za kweli. Toleo jipya likaingia, na hakuna meseji hata moja iliyopotea, maana meseji zinazosomwa kila siku hazikai kwenye nakala hizo.

Isingetosha, hatua iliyofuata ingekuwa folda inayoitwa Sent, iliyoko ndani ya WhatsApp Images na WhatsApp Video. Humo hukaa nakala ya kila ulichomtumia mtu, ingawa picha ya awali bado iko kwenye galari. Baada ya hapo ni aplikesheni zilizokuja na simu ambazo huzitumii. Hizo hazifutiki, kwa sababu zimo kwenye eneo la mfumo, lakini kila zinapoapdetiwa toleo jipya linakaa kwenye eneo lako wewe. Ukiingia Settings, Apps, ukachagua mojawapo, kisha Uninstall updates na baadaye Disable, nafasi hiyo inarudi.

Najua swali linalofuata: memori kadi je? Kadi inafaa sana kwa picha, video na PDF za mihadhara. Kwa aplikesheni ni hadithi nyingine. Nyingi hazikubali kuhamia huko, WhatsApp ikiwa mojawapo, na hata zinazokubali hubakiza sehemu yake kwenye simu. Ile njia ya kuifanya kadi iwe sehemu ya simu huifomati kadi yote kwanza, na kadi ya bei rahisi itaifanya simu itambae.

Na kurushiana aplikesheni kwa Xender? Zamani ilifanya kazi, kwa sababu aplikesheni ilikuwa faili moja. Siku hizi nyingi hufika kwenye simu kwa vipande, vilivyochaguliwa kulingana na simu hiyo. Ukirushiwa kipande kimoja, simu inajibu App not installed. Jibu hilohilo hutoka pia iwapo faili limesainiwa na mtu mwingine tofauti na mwenye aplikesheni. Hapo simu inakulinda. Zile WhatsApp za rangirangi zisizo rasmi ziko kwenye kundi hili, na namba ya anayezitumia inaweza kufungiwa.

Sasa njia nyepesi. Ukweli ni kwamba vitu vingi tulivyojaza kwenye simu havihitaji kuwa aplikesheni. Mfumo wa masomo wa chuo kama ni Moodle, unafunguka kwenye kivinjari na kazi unaikusanyia humohumo. Fungua ukurasa wake kwenye Chrome, bonyeza vidoti vitatu, chagua Add to Home screen. Alama itakaa kwenye skrini kama aplikesheni, lakini haili nafasi ya kuhesabika. Facebook nayo inafunguka hivyo, au tumia Facebook Lite. Gharama yake uijue: bila bando ukurasa haufunguki, na arifa za kukukumbusha kazi huenda usizipate, hivyo tarehe za kukusanya ziandike kwenye daftari. Kwa jaribio lenye muda maalumu, ingia dakika kumi kabla uone kama ukurasa unafunguka.

Si kila nyepesi bado ipo. YouTube Go ilifungwa mwaka 2022 na Messenger Lite mwaka 2023, ingawa bado nakutana na watu wakirushiana mafaili yake. Na kivinjari chenyewe huzeeka: Chrome kwenye Android 8 na 9 iliishia toleo la 138 mwaka 2025. Bado inafungua kurasa, lakini haipati marekebisho ya usalama. Mambo ya benki nisingeyafanyia humo.

WhatsApp pekee ndiyo isiyo na mbadala wa namna hii. WhatsApp Web ya kompyuta za maktaba inaunganishwa na WhatsApp inayofanya kazi kwenye simu. Kwa hiyo katika simu yenye nafasi finyu, huyu ndiye mgeni wa kwanza kutengewa kiti, wengine wahamie kwenye kivinjari.

Ili usirudi kwenye mgomo huu mwezi ujao, ingia WhatsApp, Settings, Storage and data, kisha kwenye Media auto-download ondoa alama zote. Hapo video za kundi hazitaingia mpaka uziguse. Na kwa viongozi wa madarasa nina ombi moja: mkipewa slaidi na mhadhiri, tumeni PDF yenyewe, msitume video ya dakika arobaini iliyorekodiwa ukutani. Darasani kuna wenzenu ambao video hiyo moja inawamaliza nafasi yote iliyobaki, na hawatasema.