Barua Rasmi: Kuomba Ruhusa ya Kufanya Utafiti Mdogo

Katika swali hili watahiniwa wengi huandika vizuri anwani mbili, tarehe na kichwa cha barua, kisha hupoteza alama kwenye kiini. Huandika tu, “Naomba kufanya utafiti hapo kwako.” Mwenye mashine ya kusaga akisoma hivyo hujiuliza: Atakaa muda gani? Atasumbua wateja? Atachunguza mapato yangu? Kiini chako kijibu maswali hayo.

Mfano:

YAH: OMBI LA KUFANYA UTAFITI KWENYE MASHINE YAKO

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Naomba ruhusa ya kukaa kwenye mashine yako Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi, ili nihesabu wateja wanaoleta mahindi na wanaoleta mtama. Sitauliza mapato wala kuandika majina ya wateja. Nitakaa pembeni ya foleni, na nitakuletea nakala ya matokeo.

Malizia kwa “Wako mtiifu”, saini na jina. Kisha isome kama mwenye mashine: ukibaki na swali hata moja, kiini hakijakamilika.