Saruji iliyoganda stoo: hasara yake inaingia lini kwenye kodi?

*Mhasibu wa kodi anajibu maswali ya wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Tanzania.*

Bati la stoo lilivuja mwezi Desemba na mifuko 150 ya saruji ikanyeshewa. Bado ipo, sijaitupa wala kuiuza. Je, ninaweza kuitoa kwenye kodi ya mwaka huo?

Unaweza, na huhitaji kusubiri hadi uitupe. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinasema bidhaa za kufungia mwaka zithaminiwe kwa gharama yake au kwa bei ya soko, ile iliyo ndogo. Gharama ya bidhaa unayoruhusiwa kuitoa kwenye mapato hupatikana kwa kuchukua bidhaa za kufungulia mwaka, kujumlisha manunuzi, kisha kutoa bidhaa za kufungia. Ukishusha thamani ya bidhaa za kufungia, gharama inapanda yenyewe. Hasara hupitia hapo.

Tuseme ulifungua mwaka na bidhaa za shilingi milioni 20, ukanunua za milioni 80, na zilizobaki tarehe 31 Desemba zina gharama ya milioni 30. Bila kugusa saruji, unatoa milioni 70. Sasa ingia stoo. Mfuko ulikugharimu 14,000. Mifuko 100 imeganda jiwe, ukiipiga nyundo inapasuka vipande. Hiyo thamani yake ni sifuri. Mifuko 50 ina mabonge lakini ndani bado kuna unga, na mafundi wa eneo lako wanaichukua kwa 5,000 kwa kazi ya kujazia. Hasara ya kundi la kwanza ni 1,400,000, ya pili 450,000, jumla 1,850,000. Bidhaa za kufungia zinakuwa 28,150,000, na gharama unayotoa inafika 71,850,000. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, kodi inapungua kwa 555,000.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi linatokea hapa: mtu anashusha bidhaa za kufungia, halafu anaandika tena "hasara ya saruji 1,850,000" kwenye orodha ya matumizi. Hapo ameitoa mara mbili. Ofisa wa TRA akilinganisha karatasi za kuhesabia stoo na orodha ya matumizi, ataiona.

Mhasibu wangu hutenga asilimia 10 ya stoo kila mwaka kwa ajili ya bidhaa zitakazoharibika au kupitwa na wakati. Inakubalika?

Kwenye kodi, hapana. Sheria inauliza thamani ya bidhaa uliyonayo siku ya kufunga mwaka, haiulizi unachohofia. Asilimia ya jumla haionyeshi bidhaa ipi, iko wapi, wala soko lake limefika bei gani. Kama imo kwenye vitabu, irudishwe kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi.

Kesi inayofundisha vizuri jambo hili ni ya Marekani, ya kampuni ya Thor Power Tool, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1979. Kampuni ilishusha thamani ya vipuri ilivyoona vimezidi mahitaji, huku ikiendelea kuviuza kwa bei ileile. Ikashindwa. Haibani mahakama zetu, lakini hoja yake ni ya akili ya kawaida: kama bomba la mtindo wa zamani bado lina bei kamili rafuni kwako, utamwambiaje mtu kwamba limepoteza thamani? Punguza bei kwanza, na uwe na risiti za EFD za wachache walionunua kwa bei hiyo.

Niligundua uharibifu Januari. Ni hasara ya mwaka upi?

Angalia maji yaliingia lini. Kama mifuko ilinyeshewa Desemba na wewe ukafungua stoo Januari, ni hasara ya mwaka uliopita. Hata bei utakayoipata Januari ni ushahidi mzuri wa thamani ya 31 Desemba. Mvua ikiwa ilinyesha Januari, subiri mwaka mpya.

Nikiiuza baadaye kwa bei nzuri zaidi?

Mwaka mpya unafunguliwa na thamani uliyofungia. Mfuko uliouthamini 5,000 ukiuuza 8,000, hiyo 3,000 ni faida ya mwaka huo. Fidia ya bima nayo ni mapato, iingizwe.

Nihifadhi nini?

Karatasi ya kuhesabia stoo yenye tarehe na sahihi, ikitenganisha mifuko iliyoganda na yenye mabonge. Ankara za manunuzi. Picha za bati na mifuko. Na bei walizotoa wanunuzi. Kabla ya kutupa, iandikie ofisi yako ya TRA barua ili ofisa ashuhudie akitaka. Tunza vyote kwa miaka 5. Na kama unalipa kodi kwa kiwango cha mauzo ghafi bila kuandaa hesabu, kushusha thamani hakubadilishi kodi yako hata kidogo.