SOMO LETU: MBOLEA NA NAFASI YA KUPANDA, TUVIJARIBU PAMOJA

Leo tunaanza na ubishi ambao sisi wa Tongaren tumeusikia mara nyingi. Jirani mmoja anasema, "Mimi niliongeza CAN gunia la pili kwa eka, sikuona kitu. Ni kutupa pesa." Mwingine anajibu, "Mimi nilibananisha mahindi vile tulifundishwa, nikavuna vigunzi vidogo." Sasa nani ni mwongo? Hakuna. Kila mmoja alibadilisha kitu kimoja tu, na kile kingine akakiacha pale pale.

Hapa jirani, Kitale, jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1966 mtaalamu A. Y. Allan na wenzake walifanya majaribio ya mahindi katika mashamba ya wilayani. Mahindi ya kienyeji, bila mbolea na kwa ukulima mbaya (kuchelewa kupanda, mimea michache, palizi duni), yalitoa kama tani 2 kwa hekta. Mbegu ya haibridi pamoja na mbolea, lakini kwa ukulima ule ule mbaya, vilileta kama tani 3. Ukulima mzuri peke yake ulileta kama tani 5. Vyote pamoja vikaleta kama tani 8. Hebu angalieni: mbegu na mbolea ziliongeza tani 1 palipolimwa vibaya, na tani 3 palipolimwa vizuri. Faida ya kitu kimoja ilitegemea kingine. Hali hiyo huitwa mwingiliano.

Jaribio lenyewe

Kikundi kinaweza kuuona mwingiliano kwa macho yake. Tuchukue vitu viwili: nafasi ya kupanda, na kiasi cha CAN ya kukuzia. Laini zote ziwe sentimita 75 kutoka moja hadi nyingine. Nafasi kati ya mmea na mmea iwe ya aina mbili: sentimita 50 (mimea michache) na sentimita 25 (mimea mingi). CAN iwe ya viwango vitatu kwa eka: hakuna, gunia 1 la kilo 50, na magunia 2. Kila nafasi ikutane na kila kiwango. Mbili mara tatu ni sita, kwa hiyo tuna vipande sita. Jaribio la namna hii, ambalo kila kitu hukutana na kila kingine, wataalamu huliita faktoria. Mambo mengine yote yawe sawa: mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi moja, na DAP ipimwe sawa kwa kila kipande.

Kipande kiwe na laini 6 zenye urefu wa mita 5. Rudieni vipande vyote sita mara tatu, katika sehemu tatu za shamba. Kila sehemu ikate mteremko kwa upana, ili vipande vyake sita vikae kwenye udongo unaofanana. Katika kila sehemu pigeni kura ya vikaratasi kuamua kipande kipi kikae wapi. Msichague wenyewe, maana mkono utapeleka mbolea mahali palipo na rutuba bila ninyi kujua. Acheni njia ya mita 1 kati ya vipande ili mvua isihamishe mbolea.

Mtego wa kifuniko cha soda

Hapa ndipo wengi huharibu. Tumezoea kuweka CAN kwa kifuniko cha soda, kimoja kila shimo. Lakini kipande cha sentimita 25 kina mimea 120, na cha sentimita 50 kina 60. Mkitumia kifuniko, kipande chenye mimea mingi kitapata mbolea mara mbili! Kikishinda, hamtajua kama ni nafasi au ni mbolea iliyoshinda.

Kwa hiyo pimeni kwa kipande, si kwa shimo. Gunia 1 kwa eka ni kama gramu 280 kwa kipande hiki, na magunia 2 ni kama gramu 560. Pimeni kwa mizani ya duka, mgawe mafungu sita, kila laini fungu lake, kisha mgawanye sawa kwa mimea yake mahindi yakifika magotini. Pandeni mbegu mbili kila shimo, mpunguze ubaki mche mmoja, na wakati wa kuvuna mhesabu mimea tena. Ikiwa fuko amekula nusu ya kipande cha mimea mingi, hicho si cha mimea mingi tena.

Kuvuna na kusoma

Laini za pembeni hupata jua na chakula zaidi, kwa hiyo ziacheni. Vuneni laini 4 za katikati, na kila upande wa mwisho mwache nusu mita. Hizo ni mita 12 za mraba. Pukuchueni, mkaushe vyote sawa, mpime. Kilo 1 hapo ni kama magunia 3¾ ya kilo 90 kwa eka.

Tuseme, kwa mfano tu, wastani wa sehemu tatu ni huu, kwa magunia ya eka:

Sentimita 50: bila CAN 12; gunia 1, 14; magunia 2, 14.
Sentimita 25: bila CAN 13, gunia 1, 17, magunia 2, 20.

Gunia la pili la CAN liliongeza nini? Kwenye mimea michache, sifuri. Kwenye mimea mingi, magunia 3. Mtu akichukua wastani atasema, "Gunia la pili huleta gunia moja na nusu." Kumbe hakuna shamba hata moja lililopata hivyo! Tukisema bei ya gunia la CAN ni sawa na ya gunia moja la mahindi, wa kwanza amepoteza gunia 1, na wa pili amebaki na faida ya 2. Nayo mimea mingi bila CAN ilizidi kwa gunia 1 tu, kwa sababu mimea iligombea chakula kidogo. Wale jirani wawili wote walisema kweli.

Chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja kwa kila nafasi. Ikienda sambamba, hakuna mwingiliano. Ikiachana kama hapa, upo.

Lakini msiamini wastani haraka. Rudini kwa kila sehemu ya shamba. Tuseme kwenye mimea mingi gunia la pili liliongeza 4, 3 na 2, na kwenye michache 0, 1 na kupungua 1. Tofauti ni 4, 2 na 3, zote zinaelekea upande mmoja. Hiyo ni dalili nzuri. Kama ingekuwa 9, 0 na 0, huenda sehemu moja ilikuwa na boma la ng'ombe zamani. Na msimu mmoja ni msimu mmoja: mvua ikikosa, mimea mingi huweza kusimama na mabua matupu. Rudieni mwaka wa pili kabla ya kubadilisha shamba zima.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mfano wetu, mwanachama mwenye pesa za gunia 1 tu la CAN apande kwa nafasi gani? Kwa nini?
2. Pimeni shamba la mwanachama mmoja: kati ya mmea na mmea ni sentimita ngapi hasa?
3. Ni vitu gani vingine viwili shambani mnafikiri vinategemeana hivi?