Zamu za Usiku kwa Mama Anayenyonyesha

Swali: Baba anawezaje kushika zamu ya usiku ilhali mama, aliyejifungua majuma matatu yaliyopita, ndiye mwenye maziwa?

Jibu: Mama hunyonyesha saa tatu usiku, kisha hulala chumba kingine hadi saa nane, huku baba akimbadilisha mtoto nepi na kumnywesha kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa, yaani yaliyotolewa titini kwa mkono na kuhifadhiwa kwenye jokofu, baada ya hapo wao hubadilishana, na baba hulala hadi alfajiri. Titi lililojaa muda mrefu hupunguza utengenezaji wa maziwa, kwa hiyo likiwa gumu na kuanza kuuma, mama akamue na zamu ifupishwe. Jambo la hatari zaidi ni mlezi kusinzia kwenye kochi akiwa amempakata mtoto, ambaye huweza kukosa hewa; mwenye usingizi amlaze mtoto chali kwenye kitanda cha mtoto mwenyewe mara moja.