Saa za Mwanzo Baada ya Kuumwa na Kifutu

Katika mashamba ya Bariadi, Itilima na Meatu, nyoka ambaye ni rahisi sana kumkanyaga ni kifutu, ambaye wengine humwita moma. Ni mfupi na mnene, rangi yake hufanana na majani makavu, na anaposikia hatua za mtu hakimbii bali hutulia palepale.

Usukumani elimu ya nyoka ni ya kale. Chama cha Bayeye, watu hodari wa kuwakamata na kuwachezesha nyoka, kilikuwa na dawa zake, na Hans Cory alichapisha maelezo yake mwaka 1946. Ujuzi huo wa tabia za nyoka haustahili kudharauliwa. Lakini kumjua nyoka ni jambo moja, na kuishinda sumu iliyokwisha kuingia mwilini ni jambo jingine. Dawa za kienyeji zimepata sifa kwa sababu iliyo wazi: baadhi ya watu huumwa na nyoka wasio na sumu, na hata nyoka mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata bila dawa yoyote, lakini sifa huenda kwa unga aliopakwa.

Tuchukue mfano wa mkulima aliyeumwa kisiginoni jioni akitoka kupalilia pamba. Maumivu yalikuwa makali mara moja, na uvimbe ukaanza kuonekana upesi. Ndugu zake walimfunga kamba chini ya goti, wakamchanja kwa wembe, wakamwekea jiwe jeusi la nyoka. Jiwe lilipong'ang'ania jeraha walisema kwamba linanyonya sumu. Kwa kweli lilinata kwa sababu ya unyevu wa damu. Sumu ilikuwa imekwisha kupenya ndani ya nyama, mahali ambapo jiwe halifiki. Usiku uvimbe ulipita goti, malengelenge yakatokea, na chale zikaendelea kuvuja damu. Alfajiri fizi nazo zilitoa damu. Hapo ndipo alipopelekwa hospitali.

Damu ile ya chale na fizi ndiyo dalili iliyopaswa kuwashtua mapema. Sumu ya kifutu huharibu tishu pale ilipoingia, na inaweza pia kuvuruga uwezo wa damu kuganda. Kwa hiyo wembe hufungua mlango ambao mwili hauwezi kuufunga, nayo kamba huizuia sumu pamoja na damu katika mguu uliokwisha kuvimba, hata nyama ikafa.

Hospitalini hali hii hupimwa kwa kifaa kidogo sana. Mhudumu huchukua mililita 2 za damu ya mshipa, huziweka katika chupa ndogo ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, kisha huiacha bila kuigusa kwa dakika 20. Halafu huiinamisha mara moja tu. Ikiwa damu inamwagika kama maji, haijaganda, na hiyo ni alama ya sumu iliyoenea mwilini. Kosa la mara kwa mara ni kutumia chupa ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni. Humo hata damu ya mtu mzima wa afya huenda isigande. Mgonjwa wa namna hii asichomwe sindano ya msuli bila ulazima, na kwa maumivu apewe parasetamo, si aspirini wala diklofenaki.

Damu ya mkulima huyu haikuganda. Alipewa kwa mshipa dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, adrenalini ikiwa imeandaliwa kando kwa sababu dawa hiyo inaweza kuleta mzio mkali. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima, kwani nyoka hapunguzi sumu kwa sababu amemuuma mdogo. Kipimo cha chupa kilirudiwa baada ya saa 6, na damu ikaganda. Hata hivyo vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekwisha kufa, vikakatwa. Dawa huikamata sumu ambayo bado inazunguka. Nyama iliyokufa haiwezi kuihuisha.

Kama ndugu zake wangemlaza, wakamvua kiatu kabla ya uvimbe, wakaufunga mguu kwa gango bila kuukaza, wakachora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa, kisha wakatafuta usafiri mara moja, mhudumu angempokea akiwa na historia kamili na mguu usiochanjwa.

Koboko ni tofauti. Jeraha lake laweza kuonekana dogo bila uvimbe mkubwa, na familia ikatulia. Watazame kope: zikianza kulegea, mgonjwa akaona vitu viwiliviwili au akashindwa kumeza mate, misuli ya kupumua inaweza kufuata, nyakati nyingine kabla ya saa moja kupita. Aliyefungwa kamba asifunguliwe njiani, kwani sumu iliyozuiliwa huingia mwilini kwa ghafla. Ifunguliwe hospitalini, mahali penye dawa na vifaa vya kumsaidia kupumua.